Sabuni ya zawadi na sabuni ya duka: jinsi gharama za pamoja zinavyohama kutoka bidhaa moja kwenda nyingine

Tuchukue karakana ya kufikirika ya sabuni iliyopo Wete, Pemba, inayotengeneza bidhaa mbili tu. Ya kwanza ni sabuni ya mwani ya kawaida, kipande cha gramu mia, inayouzwa kwa katoni kwa wenye maduka ya jumla. Ya pili ni sabuni ya zawadi yenye mafuta ya karafuu, inayofungwa katika kijikapu cha ukili na kununuliwa na hoteli na maduka ya watalii ya Unguja. Kwa mwaka karakana huuza vipande 40,000 vya sabuni ya duka kwa shilingi 1,800 kila kimoja, na vipande 5,000 vya sabuni ya zawadi kwa shilingi 4,000. Takwimu hizi zote ni za mfano, na zimechaguliwa ziwe nyepesi ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu.

Gharama zinazoonekana wazi kwenye kila kipande hazina ubishi. Mafuta ya nazi, unga wa mwani, kostiki soda, vifungashio na ujira wa mikono inayokata na kufunga hufikia shilingi 1,000 kwa kipande cha sabuni ya duka, na shilingi 2,000 kwa kipande cha zawadi. Ugumu unaanzia kwenye zile shilingi 30,000,000 nyingine ambazo karakana hutumia kwa mwaka bila ya kuwepo kipande hata kimoja kinachoweza kunyooshewa kidole kuwa ndicho kilichozisababisha: umeme, uchakavu wa mashine, mshahara wa msimamizi, kodi ya jengo, mlinzi, karani, nauli za mizigo. Hizi ndizo gharama za pamoja, na swali la makala hii ni namna ya kuzigawa baina ya bidhaa mbili hizo, na nini hutokea pale njia ya kuzigawa inapobadilika.

Njia ya zamani, ambayo bado ndiyo inayotumika katika karakana nyingi, ni kiwango kimoja kwa wote. Mhasibu hutafuta kipimo kimoja kinachokwenda sambamba na uzalishaji, aghalabu saa za kazi ya mikono, kisha hugawa gharama zote za pamoja kwa jumla ya saa hizo. Kipande cha sabuni ya duka huchukua dakika tatu za mkono wa fundi, na kipande cha zawadi dakika sita, kwa kuwa kijikapu hufungwa kwa uzi na lebo huning'inizwa. Hivyo sabuni ya duka inatumia saa 2,000 kwa mwaka na ya zawadi saa 500. Ukigawa shilingi 30,000,000 kwa saa 2,500 unapata shilingi 12,000 kwa kila saa, maana yake kipande cha duka kinabeba shilingi 600 za gharama za pamoja na kipande cha zawadi shilingi 1,200. Gharama kamili inakuwa shilingi 1,600 kwa cha kwanza na shilingi 3,200 kwa cha pili. Kwa hesabu hiyo sabuni ya duka inaacha faida ya shilingi 200 kwa kipande na sabuni ya zawadi inaacha shilingi 800, na mwenye karakana yeyote angeamua mara moja kuzitafuta hoteli zaidi.

Hesabu hii haina kosa la kujumlisha wala kugawa. Tatizo lake limo katika dhana iliyojificha ndani yake, kwamba bidhaa inayotumia saa nyingi zaidi za mikono ndiyo inayotumia kila kitu kingine kwa wingi uleule. Mtu aliyewahi kusimama ndani ya karakana ya sabuni kwa siku nzima anajua kwamba dhana hiyo haisimami, na sababu yake ni mafuta yenyewe ya karafuu.

Mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo yujenoli kwa wingi, na yujenoli huharakisha kuganda kwa mchanganyiko wa sabuni. Fundi anayetia mafuta hayo katika sufuria kubwa anaweza kukuta mchanganyiko umekuwa mzito kabla hajaumaliza kuumimina kwenye kalibu. Kwa hiyo sabuni ya zawadi hupikwa kidogo kidogo, mpiko wa vipande mia moja kwa wakati, ilhali sabuni ya duka hupikwa vipande elfu moja kwa mpiko. Na kila mpiko, uwe mkubwa au mdogo, una maandalizi yake: vyombo na kalibu huoshwa ili harufu ya karafuu isihamie kwenye sabuni isiyotakiwa kuwa nayo, kostiki hupimwa kwa mizani na msimamizi mwenyewe, maji yake huachwa yapoe hadi joto linalofaa, na sabuni iliyotoka hupimwa ukali wake kabla ya kuwekwa rafuni kukauka. Kazi hizo huchukua muda ule ule kwa vipande mia na kwa vipande elfu. Ukizihesabu kwa mwaka, sabuni ya duka ina mipiko 40 na sabuni ya zawadi ina mipiko 50, ingawa ya zawadi ni moja ya tisa tu ya vipande vyote.

Hapo ndipo ukokotoaji wa gharama kwa shughuli unapoingia. Badala ya kuuliza «kila saa ya fundi ibebe kiasi gani?», njia hii inauliza kwanza karakana inafanya shughuli gani, kila shughuli inagharimu kiasi gani, na kitu gani kinaifanya shughuli hiyo iongezeke au ipungue. Kitu hicho cha mwisho huitwa kichocheo cha gharama. Baada ya kuzungumza na msimamizi na karani, na kupitia daftari la malipo, tuseme shilingi 30,000,000 zimegawanyika katika mafungu manne. Kuendesha mashine za kuchanganya, kukata na kupiga mhuri kunachukua shilingi 9,000,000, na kichocheo chake ni saa za mashine. Maandalizi ya mipiko yanachukua shilingi 7,200,000, na kichocheo chake ni idadi ya mipiko. Kushughulikia oda, yaani kuzipokea, kuandika ankara, kufunga mzigo, kuupeleka bandarini Mkoani ili uvuke kwenda Unguja, na kufuatilia malipo, kunachukua shilingi 6,000,000, na kichocheo chake ni idadi ya oda. Zinazobaki, shilingi 7,800,000, ni kodi ya jengo, mlinzi na gharama nyingine za kuwepo tu kwa karakana.

Mafungu matatu ya mwanzo sasa yanapata kila moja kiwango chake. Mashine zinafanya kazi saa 450 kwa mwaka, 400 kwa sabuni ya duka na 50 kwa ya zawadi, kwa hiyo kila saa inagharimu shilingi 20,000. Mipiko ni 90, kila mmoja shilingi 80,000. Oda ni 150, kila moja shilingi 40,000. Na kati ya hizo 50 tu ni za wenye maduka ya jumla, ambao huagiza mara chache na kuchukua vipande mia nane kwa pamoja, ilhali 100 ni za hoteli na maduka ya watalii, ambayo kwa wastani huchukua vipande hamsini. Fungu la nne halina kichocheo cha kweli. Kodi ya jengo haipandi kwa sababu umepika mpiko mmoja zaidi wala haishuki kwa sababu umeacha. Wahasibu wengi hulitenga kando na kutoligawa kabisa kwenye bidhaa, na mimi naona hilo ndilo jambo la uaminifu zaidi. Lakini ili tuweze kulinganisha njia mbili kwa jumla ileile, tuligawe kwa saa za mikono kama zamani.

Matokeo ni haya:

| Fungu (shilingi) | Sabuni ya duka | Sabuni ya zawadi |
|---|---|---|
| Mashine | 8,000,000 | 1,000,000 |
| Mipiko | 3,200,000 | 4,000,000 |
| Oda | 2,000,000 | 4,000,000 |
| Jengo na ulinzi | 6,240,000 | 1,560,000 |
| Jumla | 19,440,000 | 10,560,000 |
| Kwa kipande | 486 | 2,112 |

Sabuni ya duka, iliyokuwa ikibeba shilingi 600 kwa kipande, sasa inabeba 486. Sabuni ya zawadi, iliyokuwa ikibeba shilingi 1,200, sasa inabeba 2,112. Gharama kamili ya kipande cha zawadi inakuwa shilingi 4,112, juu ya bei yake ya 4,000, na ile faida ya shilingi 800 imegeuka hasara ya shilingi 112. Faida ya karakana nzima haikubadilika hata kwa senti: ilikuwa shilingi 12,000,000 na imebaki 12,000,000. Kilichobadilika ni nani anayesemekana kuileta.

Inafaa tukae kidogo kwenye kiasi kilichohama, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupotea. Kwa kiwango kimoja, sabuni ya duka ilipewa shilingi 24,000,000. Kwa shughuli imepewa 19,440,000. Tofauti ni shilingi 4,560,000, na zote zimeangukia kwenye sabuni ya zawadi. Zikiondolewa kwenye vipande 40,000, ni nafuu ya shilingi 114 tu kwa kipande. Zikiwekwa juu ya vipande 5,000, ni mzigo wa shilingi 912 kwa kipande, mara nane zaidi. Ndiyo maana katika karakana na viwanda vingi, njia hii inapoanzishwa, bidhaa kubwa huonekana kubadilika kidogo sana na bidhaa ndogo huonekana kulipuka. Pesa ni zile zile, ila zimegawanywa kwa idadi ndogo ya vipande.

Kwa nini zihame, na kwa nini kiasi hicho hasa? Sabuni ya duka inatumia asilimia 80 ya saa za mikono. Chini ya kiwango kimoja, basi, inalipishwa asilimia 80 ya kila fungu, hata la shughuli ambayo haiitumii kwa kiasi hicho. Katika mipiko inatumia 40 kati ya 90, yaani takriban asilimia 44, na kwa hiyo ilikuwa ikilipishwa shilingi 2,560,000 zaidi ya inazostahili. Katika oda inatumia theluthi moja, na ilikuwa ikilipishwa shilingi 2,800,000 zaidi. Kwenye mashine mambo yanakwenda kinyume: inatumia karibu asilimia 89 ya saa za mashine lakini ilikuwa ikilipishwa 80, kwa hiyo ilikuwa ikipendelewa kwa shilingi 800,000. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu, unapata zile zile 4,560,000.

Kutokana na hapo mtu anaweza kujua mapema, kabla ya kuhangaika na mahojiano na majedwali, kama karakana yake inahitaji njia hii au la. Kama bidhaa zake zinatumia mipiko, oda na mashine kwa uwiano uleule zinaotumia saa za mikono, hakuna kitakachohama, na kiwango kimoja kitatoa jibu lile lile kwa kazi ndogo. Kama tofauti za uwiano zipo lakini fungu lenyewe ni dogo, kitakachohama hakitatosha kumbadilisha mtu uamuzi. Mhamo mkubwa unahitaji mambo mawili kwa pamoja: fungu nene, na bidhaa zinazolitumia kwa uwiano ulio mbali na ule wa kipimo cha zamani. Anayetengeneza sabuni ya aina moja tu hana sababu ya kuigusa njia hii kwa ajili ya bidhaa zake, ingawa huenda ikamsaidia kwa wateja wake, kama tutakavyoona.

Walioipa njia hii umbo lake la leo ni Robin Cooper na Robert Kaplan wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, na mojawapo ya mifano yao mashuhuri ulitoka katika kiwanda cha vipuri cha kampuni ya matrekta ya John Deere. Vipuri vilivyotengenezwa kwa wingi vilikuwa vikionekana ghali kuliko vilivyo, na vilivyotengenezwa vichache vichache vilionekana rahisi. Karakana yetu ya Wete ni ndogo mno ukiilinganisha na kiwanda kile, lakini kasoro ni moja.

Sasa tuifanyie ukali njia mpya kama tulivyoifanyia ya zamani. Zile shilingi 7,200,000 za maandalizi zimepatikanaje? Sehemu kubwa ni mshahara wa msimamizi, na msimamizi aliulizwa: katika muda wako, sehemu gani inakwenda kwenye mipiko, sehemu gani kwenye oda, sehemu gani kwenye mashine? Binadamu akiulizwa hivyo hujibu kwa sehemu zinazojaza mia moja. Hakuna anayesema «na robo ya muda nakaa nikisubiri». Matokeo yake ni kwamba gharama ya muda usiotumika humezwa ndani ya kiwango cha kila mpiko, na bidhaa zinalipishwa uvivu ambao si wao walioufanya. Kaplan mwenyewe, pamoja na Steven Anderson, mwaka 2004 walipendekeza njia nyepesi zaidi ya kuepuka hilo: kadiria uwezo halisi wa rasilimali kwa muda, pata gharama ya kila dakika, kisha zidisha kwa dakika ambazo kila shughuli inachukua.

Tuijaribu kwenye mipiko. Tuseme msimamizi na vyombo vyake vina uwezo wa kuandaa mipiko 120 kwa mwaka, si 90. Gharama ya kila mpiko basi ni shilingi 7,200,000 kugawa kwa 120, yaani 60,000, na si 80,000. Mipiko 90 inabeba shilingi 5,400,000, na shilingi 1,800,000 zilizobaki zinaandikwa peke yake kama gharama ya uwezo usiotumika, mzigo wa uongozi na si wa sabuni. Kwa badiliko hilo moja tu, kipande cha zawadi kinapungukiwa na shilingi 200, gharama yake inashuka hadi 3,912, na ile hasara ya shilingi 112 inakuwa faida ya shilingi 88. Msomaji aliyekwisha kuamua kuifuta sabuni ya zawadi na aitazame tena ile hasara yake ilisimama juu ya nini. Uhamo wa gharama kutoka sabuni ya duka kwenda ya zawadi ni wa kweli na unabaki. Lakini alama ya kujumlisha au kutoa mwishoni ilikuwa ikitegemea namba moja ambayo hakuna aliyeipima kwa saa.

Na hata kama hasara ile ingekuwa imara, kuifuta bidhaa ni jambo jingine. Sabuni ya zawadi inaingiza shilingi 20,000,000 kwa mwaka, na gharama zake za wazi, ujira ukiwemo, ni shilingi 10,000,000. Ikifutwa, karakana inapoteza shilingi 10,000,000 zilizokuwa zikisaidia kulipia gharama za pamoja. Je, itaokoa zile 10,560,000 ilizopewa kwenye jedwali? Kodi ya jengo haitapungua. Msimamizi ataendelea kulipwa mshahara wake wa mwezi, na mashine zitaendelea kuchakaa. Zitakazotoweka kweli ni nauli za mizigo ya hoteli, sehemu ya umeme, na pengine vifaa vya kuoshea na kupimia. Tukikisia kwa ukarimu kwamba ni shilingi 3,000,000, basi faida ya karakana itashuka kutoka 12,000,000 hadi 5,000,000. Jedwali la shughuli linaonyesha rasilimali zinatumiwa na nani. Halionyeshi zipi zitaondoka bidhaa ikiondoka. Hayo ni maswali mawili, na kuyachanganya kumewagharimu watu bidhaa nzuri.

Kuna mpaka mwingine unaowahusu wanaofunga hesabu za mwaka. Kanuni za kimataifa za uhasibu, katika kiwango namba 2 kinachohusu bidhaa zilizo ghalani, zinaruhusu gharama za pamoja za uzalishaji tu ziingie katika thamani ya sabuni ambayo haijauzwa, na zile zisizobadilika zigawiwe kwa uwezo wa kawaida wa uzalishaji. Gharama za kuuza hazimo. Kwa hiyo lile fungu la oda, linalofaa sana katika kupanga bei, halipaswi kuingizwa kwenye thamani ya vipande vilivyobaki rafuni. Anayechukua shilingi 4,112 na kuzidisha kwa vipande vilivyobaki tarehe ya kufunga mwaka atakuwa ameikuza mali yake.

Manufaa makubwa zaidi ya kazi hii, kwa maoni yangu, hayapo katika namba ile ya wastani bali katika kuivunja. Kipande cha zawadi, kabla ya mpiko na oda, kina shilingi 2,512: gharama za wazi 2,000, mashine 200, jengo 312. Kilichobaki kinategemea mteja ameagiza vipi. Hoteli ya Nungwi inayoagiza vipande 200 inahitaji mipiko miwili na oda moja, jumla shilingi 200,000, ambazo ni shilingi 1,000 kwa kipande. Gharama ni 3,512 na faida ni shilingi 488 hata kwa kiwango kikali cha 80,000 kwa mpiko. Nyumba ndogo ya wageni inayotaka vipande 20 vyenye mhuri wake na mchanganyiko wa harufu ya kwake peke yake inahitaji mpiko mzima na oda nzima, shilingi 120,000 kwa vipande ishirini. Ni shilingi 6,000 kwa kila kipande kabla ya kununua hata tone la mafuta, na gharama yote inafika 8,512 kwa kitu kinachouzwa 4,000.

Bidhaa ni moja na bei ni moja, lakini oda moja inailisha nyingine. Kiwango kimoja kisingeweza kuliona hilo kwa vyovyote, kwa kuwa vipande vyote viwili vinachukua dakika sita zile zile za mkono wa fundi. Mwenye karakana sasa ana mambo ya kujadili na wateja wake ambayo hakuwa nayo: kiwango cha chini cha oda yenye mhuri maalumu, ada ya oda isiyotegemea idadi ya vipande, au kumshawishi yule wa vipande ishirini akubali harufu ya kawaida ili sabuni yake itoke katika mpiko wa wote, ambapo gharama inashuka hadi shilingi 5,312. Bado ni hasara kwa bei ya 4,000. Lakini sasa ni hasara ya shilingi 1,312 kwa kipande badala ya 4,512, na inajulikana kuwa sehemu yake kubwa ni safari moja ya mzigo mdogo kwenda Mkoani, ambao ungeweza kungojea mzigo wa hoteli nyingine wiki ile ile.